Daftari Lililo Chini ya Kaunta

Ingia ofisi yoyote iliyozindua mfumo wa kompyuta miaka miwili iliyopita, ile iliyokata utepe na kupiga picha na mgeni rasmi. Ukizoeana na karani wa mapokezi hata akakuruhusu kupita upande wake wa kaunta, inama uangalie chini. Mara nyingi utakuta kauntabuku la kwaya nne, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu, safu ya mwisho ikiwa ya sahihi. Juu ya kaunta kuna kompyuta, chini kuna daftari, na taarifa ya kila mteja inaandikwa kotekote. Siku hesabu za juu na za chini zikipishana, ofisi nzima huamini daftari.

Nimelikuta daftari hilo mara nyingi, na nimewasikia wakubwa wakilieleza kwa maneno yaleyale: wafanyakazi ni wagumu, wamezoea vya zamani, wanahitaji semina nyingine. Mimi naona vingine. Daftari lile lipo kwa sababu linafanya kazi ambayo mfumo haukupewa, na hakuna aliyewahi kumuuliza karani ni kazi gani hiyo.

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa undani ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890 huko Mogilno, mji ambao leo uko Polandi. Alifundisha Berlin, na mwaka 1933 aliwakimbia Wanazi akahamia Marekani. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1947, mwaka uleule aliofariki, alieleza kuwa badiliko linalodumu katika kundi la watu hupita hatua tatu: kuyeyusha, kubadili, kugandisha. Fikiria barafu lililoganda kwenye bakuli nawe unalitaka umbo la chupa. Ukilipiga kwa nyundo litavunjika vipande. Huna budi uliyeyushe kwanza, uyamimine maji kwenye chupa, kisha uyaache yagande tena.

Wengi huishia kwenye mfano huo wa barafu, ilhali jambo lenye manufaa zaidi kwa ofisi ni swali lililo nyuma yake: ni nini kilichogandisha? Lewin aliona kuwa mazoea ya kundi hukaa mahali pake kwa sababu nguvu mbili zinasukumana, moja ikitaka mabadiliko na nyingine ikiyazuia, na zimetoshana. Ukitaka kundi lisogee unaweza kuongeza nguvu inayosukuma: waraka mkali, tarehe ya mwisho, onyo. Kundi litasogea, lakini nguvu inayozuia nayo itakuwa bado ipo, kwa hiyo kinachoongezeka ni mvutano. Njia ya pili ni kupunguza kinachozuia. Hapo kundi husogea bila mvutano kupanda. Daftari la chini ya kaunta ni alama ya ofisi iliyotumia njia ya kwanza.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 1,200. Kila mwanachama ana kadi ya leja yenye safu za tarehe, akiba aliyoweka, mkopo, marejesho na salio. Kadi zimepangwa kwenye masanduku ya mbao kwa namba za uanachama, na karani mmoja amezitunza miaka kumi na sita. Bodi imeamua kununua mfumo. Swali la kuyeyusha ni hili: kadi ile inamfanyia nini karani, mbali na kuhifadhi salio?

Kwanza inamlinda. Mwanachama akija na kelele kwamba aliweka laki mbili na kadi inaonyesha laki moja, karani huitoa kadi na kumwonyesha sahihi yake mwenyewe kando ya laki moja. Ubishi huisha hapo. Sasa mweke karani huyo mbele ya mfumo ambao ofisi nzima huingia kwa nywila moja, iliyoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Tarakimu yoyote inaweza kubadilishwa na mtu yeyote, na siku fedha zikipungua, jina litakaloonekana ni lake. Akifungua daftari lake la pembeni na kudai sahihi, hajawa mgumu. Amepima hatari vizuri kuliko bodi.

Kizuizi hiki hakiondoki kwa hotuba. Kinaondoka pale kila mtumishi anapopewa jina na nywila yake, printa inapotoa stakabadhi nakala mbili, na mwanachama anapotia sahihi kwenye ile inayobaki ofisini. Kinaondoka zaidi karani akikalishwa mbele ya kioo na kuonyeshwa kwa macho yake ukurasa unaotaja nani aliingiza nini na saa ngapi, na kwamba kosa halifutwi: linasahihishwa kwa ingizo jipya la kinyume huku la kwanza likibaki linasomeka. Dakika ishirini za maonyesho hayo hufanya kazi kuliko siku mbili za semina hotelini.

Pili, kadi inasomeka umeme ukikatika. Tatu, inampa karani heshima: yeye ndiye anayejua kuwa kuna wanachama wawili wenye majina matatu yanayofanana, na kwamba mmoja wao alihamisha akiba yake kwenda kwa mjane wa kaka yake. Nne ni hofu ambayo huisikii mkutanoni. Kadi za miaka kumi na sita zina makosa ndani yake. Kuna jumla zilizokosewa, marejesho yaliyoandikwa kwenye kadi ya jirani, salio lililofutwa kwa kalamu ya kufutia. Kuzihamisha kadi ni kuyaanika makosa hayo juani, na karani anajua mwandiko ni wa nani. Bodi inayotaka barafu liyeyuke inapaswa kutamka mapema, na kuandika kwenye muhtasari wa kikao, kwamba makosa ya zamani yatakayogunduliwa wakati wa kuhamisha yatasahihishwa na hayatamfikisha mtu kwenye kamati ya nidhamu, isipokuwa palipo na wizi. Nimeona kazi iliyokwama miezi mingi ikianza kwenda baada ya tamko la namna hiyo.

Edgar Schein, aliyeyaendeleza mawazo ya Lewin, alizitaja hofu mbili ambazo mtu hubeba wakati kama huu: hofu ya yatakayompata asipobadilika, na hofu ya kujifunza, yaani kuonekana mjinga mbele ya wenzake katika kazi aliyokuwa bingwa wake. Wakubwa wengi hukimbilia kuikuza ya kwanza. Yeye alishauri ipunguzwe ya pili. Kwa ofisi yetu maana yake ni nakala ya mazoezi ya mfumo, yenye wanachama wa kubuni, ambayo watumishi wataichezea nusu saa kila siku kwa wiki mbili, wakikosea bila madhara na bila bosi kusimama nyuma ya kiti.

Uamuzi wenyewe nao una namna ya kufikiwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ya Marekani ilitaka familia zile moyo, figo na tezi za ng'ombe ili nyama nyingine iende kwa wanajeshi. Huku kwetu sehemu hizo hazina ubaya, lakini akina mama wengi wa Marekani wa wakati ule hawakutaka kuziweka mezani. Lewin na wenzake waliwagawa wanawake katika vikundi huko Iowa. Vingine vilipewa mhadhara mzuri kuhusu lishe, bei na mapishi. Vingine vilipewa taarifa hizohizo lakini vikajadili wenyewe vizuizi vyao, harufu na manung'uniko ya waume, na mwishoni wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu, wakanyoosha mikono mbele ya wenzao. Walipofuatiliwa baadaye, wa mhadhara waliopika nyama hizo walikuwa asilimia 3. Wa majadiliano walikuwa asilimia 32.

Kwa chama chetu, hilo linageuka kuwa kikao cha asubuhi moja ambapo watumishi wote wanakaa kuizunguka kadi halisi ya leja na kuipitia safu kwa safu. Hii nani huisoma? Ikikosekana, nini kitaharibika? Zipo safu zitakazoonekana hazijasomwa na yeyote kwa miaka, na zipo alama za penseli pembezoni, zisizo kwenye mwongozo wowote, ambazo kazi nzima inazitegemea. Alama hizo lazima zipate nafasi kwenye mfumo. Mwishoni watumishi wenyewe wanapanga tarehe ya kuhama, na kwa kuwa wao ndio wanaoijua kazi, hawataipanga mwisho wa mwezi wakati makato ya mishahara yanapomiminika. Lakini kikao hiki kifanyike kabla ya mkataba wa ununuzi kusainiwa. Kikifanyika baada ya mfumo usioweza kuchapa stakabadhi kulipiwa, majadiliano yatakuwa maigizo, na watumishi watayatambua.

Hatua ya kubadili ina mfano halisi ambao watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kuujua zaidi. Mwezi Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, nje kidogo ya Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kabla ya hapo taarifa ya mgonjwa ilirudiwarudiwa katika madaftari ya vitengo mbalimbali. Wabunifu hawakumnyang'anya mhudumu kalamu. Walimpa fomu moja ya karatasi kwa kila ziara, akaijaza akiwa na mgonjwa, kisha makarani wakaiingiza kwenye kompyuta zilizowekewa umeme wa akiba. Kilichoondolewa ni ule utitiri wa madaftari.

Katika miezi sita waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Walipopima muda kabla na baada, waliripoti kuwa ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Watumishi nao walibaki na muda zaidi wa mambo yao binafsi. Naomba jambo hilo la mwisho lizingatiwe. Badiliko lilimpunguzia mtumishi mzigo tangu miezi ya mwanzo kwa sababu maandishi ya mara mbili yaliondolewa kwenye mpango wenyewe. Uzoefu wa Mosoriot ulichangia baadaye kuzaliwa kwa OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi.

Chama chetu kina kazi moja ambayo Mosoriot hawakuwa nayo kwa ukubwa huu: kuhamisha masalio ya fedha. Karani mmoja, akisomewa na mwenzake na kuhakikisha, huenda akamaliza kadi 40 kwa siku. Jozi mbili zitafanya 80, kwa hiyo kadi 1,200 zitachukua siku 15 za kazi, ambazo ni wiki tatu. Chama hakifungi milango wiki zote hizo, kwa hiyo masalio yote yaingizwe kama yalivyokuwa siku moja iliyochaguliwa, tuseme Juni 30, na miamala ya baadaye iingizwe kwa mpangilio wa tarehe. Ukiingiza kila kadi kwa salio la siku uliyoifikia, hutapata kamwe jumla mbili za kulinganisha.

Na jumla ndizo zinazoamua. Kabla hamjaanza, jumlisheni kadi zote kwa mkono: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo. Mkimaliza, muulizeni mfumo maswali hayohayo matatu. Tuseme kadi zinasema akiba ni shilingi 386,450,000 na mfumo unasema 386,405,000. Tofauti ni 45,000. Wahasibu wa zamani wana kipimo chepesi hapa: gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, yaelekea mtu amegeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani. Elfu arobaini na tano inagawanyika, kwa hiyo tafuta kadi kama ile iliyokuwa 1,783,000 ikaingizwa 1,738,000. Kazi ya kutafuta mpeni yule karani wa miaka kumi na sita, na cheo chake kwa muda huo kiwe mhakiki wa masalio. Anazijua kadi kuliko mtu mwingine yeyote. Heshima aliyoogopa kuipoteza inahamia kwenye mfumo pamoja naye.

Kisha kuna kipindi cha kuendesha vyote viwili, leja na mfumo, ili kuona kama vinakubaliana. Kipindi hicho ni cha lazima na ni cha hatari. Ni cha lazima kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua kama riba inakokotolewa sawasawa. Ni cha hatari kwa sababu kazi imekuwa mara mbili, na watu waliochoka huchagua kimoja cha kukifanya vizuri. Kwa kawaida huchagua walichokizoea. Mwezi mmoja kamili unatosha kwa chama kidogo, kwa kuwa ndani yake mizunguko yote hupita: makato, marejesho, riba, taarifa ya bodi. Tarehe ya kumaliza iandikwe ukutani kabla ya siku ya kwanza. Madaftari mengi ya chini ya kaunta niliyoyakuta yalianza kama majaribio ya sambamba ambayo hakuna aliyeyafunga.

Ndiyo maana nasema kugandisha huanza na tendo dogo la kufunga leja. Kadi zote zipigwe mstari mwekundu chini ya ingizo la mwisho, tarehe iandikwe, meneja na karani watie sahihi, kisha masanduku yatoke chumba cha kaunta yakafungiwe stoo. Ufunguo usikae na watu wa kaunta. Masanduku yale yakibaki mezani, siku ya kwanza mfumo ukisumbua mkono utakwenda wenyewe.

Na mfumo utasumbua. Umeme utakatika, mtandao utagoma, tena siku ya malipo. Ofisi isiyo na jibu la saa hiyo inamlazimisha karani kutoa daftari lake. Jibu ninaloliamini ni kitabu chembamba cha fomu za dharura zenye namba zilizochapwa tayari, kinachotunzwa na meneja. Umeme ukikatika anakitoa, fomu zinajazwa na kutiwa sahihi, na zote zinaingizwa siku ileile umeme ukirudi, au asubuhi inayofuata kabla ya mteja wa kwanza. Namba zinahesabiwa, isikosekane hata moja. Karatasi bado ipo, ila sasa ina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Mengine ya kugandisha ni ya kiutawala, na yote yako juu ya meza ya mkubwa. Bodi ikiendelea kupokea taarifa ya mwezi iliyoandikwa kwa mkono, mfumo haujaganda. Mkaguzi naye aulizwe kwa barua, kabla ya leja kufungwa, atataka kuona nini. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, inayotambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini karani hatatulia kwa kutajiwa sheria. Atatulia akiona barua ya mkaguzi. Nakala rudufu ichukuliwe kila jioni na kuwekwa nje ya jengo, na angalau mara moja kila robo mwaka irudishwe kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa inafunguka, maana nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kuna wanaoupinga mfano huu wa barafu kwa kusema dunia ya leo haitulii, programu hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo kugandisha ni kujifunga. Wana sehemu ya haki. Hatua hizo tatu zilichukua sehemu ndogo ya maandishi ya Lewin, na umaarufu wake mkubwa ulikuja baada ya yeye kufariki. Mwenyewe alipoeleza utulivu wa kundi alitumia mfano wa mto: maji yake yanapita daima, ilhali mwendo na mkondo vinabaki vilevile. Huo ndio utulivu unaotakiwa ofisini. Vitufe vitahama na rangi za kioo zitabadilika, lakini kanuni kwamba muamala unaingizwa mara moja, mahali pamoja, mbele ya mteja, inaweza kuganda na kupita matoleo kumi ya mfumo.

Kama unasimamia ofisi iliyokwisha kuhama, kuna namna ya kujua hali yako bila kuinama chini ya kaunta wala kumvizia mtu. Omba mfumo ukutolee orodha ya stakabadhi za wiki iliyopita pamoja na saa kila moja ilipoingizwa. Zikiwa zimetawanyika tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kama wateja walivyofika, umefanikiwa. Zikiwa zimerundikana zote kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, watumishi wako wanaandika kwenye daftari mchana na kunakili kwenye kompyuta kabla ya kwenda nyumbani. Usiandike barua ya onyo. Nenda kaunta, vuta kiti, mwombe karani akufungulie daftari lake, na umuulize kila safu inamsaidia nini.